Ofa ya chipsi, kuku na juisi: jinsi ya kujua kama imeleta faida au imehamisha mauzo tu

Mdogo wangu ana mgahawa Sinza, karibu na Kijiweni. Siku moja alibandika karatasi ya njano ukutani: "OFA! Chipsi, robo kuku na juisi ya ukwaju, 8,000 tu." Mteja akiagiza kimoja kimoja, vitu hivyo vitatu vilikuwa vinafika 9,000. Baada ya wiki nne alikuwa ameuza ofa 620, mauzo ya mgahawa yamepanda kutoka milioni 8 hadi karibu milioni 9, na alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya friji ya pili.

Mimi ndiye ninayemfungia hesabu kila mwisho wa mwezi, na kuna jambo lilinisumbua. Pesa ya kununulia kuku siku ya Jumatatu bado ilikuwa ya kuungaunga, vilevile kama kabla ya ofa. Nilipomwambia asubiri kwanza kuhusu friji, alinijibu, "Kaka, si unaona mwenyewe watu walivyojaa?" Nilikuwa nawaona. Nilichotaka kujua ni wangapi kati yao wangekuja na kuagiza vilevile hata kama ile karatasi isingekuwepo.

Hapa naeleza hatua tulizopita kujibu swali hilo. Namba ni za mgahawa wake, ila nimezizungusha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Ukiwa unauza vipodozi Kariakoo au vifaa vya shule Mbagala, hesabu ni ileile, unabadilisha bidhaa tu.

Hatua ya kwanza: andika kila mlo, usiandike jumla ya siku

Jumla ya mauzo ya siku haitakusaidia chochote kwenye kazi hii. Unachohitaji ni kujua mtu mmoja aliondoka na nini kwenye sahani yake. Kwa bahati nzuri mdogo wangu alikuwa anaandika kila sahani inayotoka jikoni, kwa sababu ya kudhibiti upotevu wa kuku. Kwa hiyo tuliweza kurudi nyuma na kuhesabu wiki nne za kabla ya ofa, tukawagawa wateja katika makundi manne.

Kulikuwa na wa mlo kamili, yaani chipsi, kuku na juisi: 300. Wa chipsi kuku bila juisi walikuwa 500. Wa chipsi na juisi bila kuku walikuwa 150. Na wa chipsi kavu walikuwa 450. Jumla milo 1,400.

Angalia sana kundi la chipsi kuku. Wengi wao walikuwa wanakula kwake, halafu wanatuma mtoto akachukue soda au maji ya baridi duka la jirani. Hao ndio ofa ilipaswa kuwanasa.

Kama daftari lako halina mgawanyo huu, anza kuandika leo na usibandike ofa yoyote mpaka wiki nne zipite. Weka safu moja kwa kila kundi, mhudumu achore kijiti kwa kila mlo. Watu watatu wakilipa pamoja, chora vijiti vitatu, kwa sababu ukihesabu risiti badala ya walaji makundi yatachanganyika. Ofa ikianza, ipe safu yake yenyewe. Nimeona watu wanaoandika ofa kama chipsi moja, kuku moja na juisi moja ili stoo ikae sawa. Stoo inakaa sawa kweli, lakini huwezi tena kutofautisha aliyenunua kwa ofa na aliyenunua kwa bei ya kawaida.

Hatua ya pili: pima kina cha punguzo mara mbili

Kipimo cha kwanza ni kile anachokiona mteja. Bei ya pamoja ni 9,000, ofa ni 8,000, punguzo ni 1,000. Gawanya 1,000 kwa 9,000 unapata asilimia 11. Inaonekana ndogo.

Kipimo cha pili ndicho kinachouma, nacho kinaanzia kwenye gharama. Kuku mzima alikuwa anamnunua 9,000, robo yake ni 2,250. Ongeza mafuta, mkaa, kachumbari na boksi la kubebea, robo moja inamgharimu 2,900. Chipsi sahani moja 1,200. Juisi ya ukwaju na sukari na barafu, glasi moja 600. Mlo kamili kwa hiyo unamgharimu 4,700. Kodi ya fremu na mshahara wa mpishi usiviingize hapa, maana vinabaki palepale auze sahani kumi au mia. Ingiza tu kile kinachoongezeka kila sahani moja inapoongezeka.

Mlo kamili kwa bei ya kawaida unaacha faida ghafi ya 4,300. Kwa bei ya ofa unaacha 3,300. Punguzo lilelile la 1,000 limekula asilimia 23 ya faida yako. Kwa hiyo lile punguzo la 11 ukutani ni la 23 mfukoni, na kadiri bidhaa zako zinavyokuwa na faida nyembamba ndivyo pengo hili linavyotanuka. Muuza simu anayebaki na elfu kumi kwenye simu ya laki moja, akipunguza asilimia 5 tu ameshatoa nusu ya faida.

Hesabu hii inakuonyesha punguzo lina uzito gani kwa mlo mmoja. Kama litakuumiza au litakunufaisha, inategemea linamwangukia nani.

Hatua ya tatu: mwangalie mteja alikotoka

Ofa moja ya 8,000 inaacha 3,300 kila inapouzwa. Lakini faida uliyoongeza inategemea mteja huyo angefanya nini bila ofa. Hapa chukua karatasi, andika kila kundi na faida lililokuwa linakuachia.

Wa mlo kamili alikuwa anakuachia 4,300. Akihamia kwenye ofa umepoteza 1,000. Hajala zaidi, hajanywa zaidi, umempa tu noti yako.

Wa chipsi kuku alikuwa analipa 7,000 na kukuachia 2,900. Akihamia kwenye ofa anakuachia 3,300, kwa hiyo umepata 400. Wa chipsi na juisi alikuwa anakuachia 2,700, umepata 600. Wa chipsi kavu alikuwa analipa 2,500 na kukuachia 1,300, umepata 2,000. Na yule ambaye asingekuja kabisa, umepata 3,300 yote.

Kaa na namba hizi kidogo kabla ya kwenda mbele. Kila mteja wa mlo kamili anayechukua ofa anahitaji wateja wawili na nusu wa chipsi kuku wahamie ndipo ulipe pengo lake. Hii unaweza kuijua kabla hujabandika karatasi yoyote. Kama mdogo wangu angenionyesha ofa yake mapema, ningemuuliza kwanza: watu 300 kwa mwezi wameshanunua vitu hivi vyote vitatu kwa 9,000, kwa nini unawapunguzia?

Hatua ya nne: tafuta kipimo cha kulinganisha

Kosa la kawaida ni kulinganisha mwezi wa ofa na mwezi uliopita, kisha tofauti yote kuipa ofa. Biashara ya chakula Dar inapanda na kushuka kwa sababu zake. Mishahara ikitoka watu wanakula kuku, tarehe 20 wanakula chipsi kavu. Masika ikipiga kuanzia Machi, jioni hazina watu. Mfungo wa Ramadhani unageuza saa zote za kula. Kwa hiyo unahitaji sehemu inayokuonyesha mambo yangekuwaje bila ofa.

Mdogo wangu ana kibanda cha pili Kijitonyama, wateja wa aina ileile, bei zilezile, na kule hakuweka ofa. Ndicho kikawa kipimo chetu. Katika wiki zilezile nne faida ghafi ya Kijitonyama ilipanda kutoka 2,300,000 hadi 2,438,000, yaani asilimia 6, na idadi ya milo na mauzo vilipanda kwa kiasi hichohicho. Hakuna mtu aliyebandika chochote kule. Kipindi kilikuwa kizuri tu.

Kama una duka moja, badilisha wiki kwa wiki: wiki ya kwanza ofa ipo, ya pili haipo, uendelee hivyo kwa wiki nane ili kila upande uguse wiki za mshahara na wiki za ukata. Usibadilishe siku kwa siku. Mteja aliyekosa ofa leo ataahirisha mpaka kesho, na utakuwa umehesabu mlo mmoja kama ushindi wa siku ya ofa wakati umeunyang'anya siku iliyotangulia.

Hatua ya tano: fanya hesabu yenyewe

Kabla ya ofa Sinza iliuza 8,000,000 na kuacha faida ghafi ya 3,730,000. Katika wiki nne za ofa daftari lilionyesha ofa 620, mlo kamili kwa bei ya kawaida 20, chipsi kuku 330, chipsi na juisi 120, chipsi kavu 390. Jumla milo 1,480. Mauzo 8,965,000, faida ghafi 3,920,000.

Mdogo wangu alipoona mauzo yamepanda kwa 965,000 na faida kwa 190,000 alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwonyesha safu ya Kijitonyama. Kama Sinza nayo ingepanda asilimia 6 bila ofa, mauzo yangefika 8,480,000 na faida 3,953,800. Kwenye Excel weka faida ya Sinza kabla na baada kwenye B2 na B3, ya Kijitonyama kwenye C2 na C3, kisha andika:

```
=B3-B2*(C3/C2)
```

Jibu ni hasi 33,800. Ukifanya vivyo hivyo kwa mauzo unapata chanya 485,000. Kwa hiyo ofa iliongeza mauzo kweli, karibu nusu milioni, na faida haikuongezeka hata shilingi.

Hapa kuwa mwangalifu, usikimbilie kusema ofa imemtia hasara ya 33,800. Faida ya Sinza kwa wiki ni kama 930,000, na hata wiki za kawaida inayumba kwa elfu hamsini au sitini juu na chini. Tofauti ya 33,800 kwa wiki nne imezama ndani ya mayumbo hayo. Jibu sahihi ni kwamba faida haikusogea. Lile ongezeko lote la mauzo lilikwenda kwa muuza kuku, muuza viazi na muuza mkaa, huku mpishi akikaanga zaidi na mdogo wangu akifunga usiku zaidi.

Sasa tafuta pesa imepotelea wapi. Ongeza asilimia 6 kwenye kila kundi la mwanzo ujue lingekuwa na wangapi, kisha toa waliobaki. Mlo kamili wangekuwa 318, walibaki 20, kwa hiyo 298 walihamia kwenye ofa. Chipsi kuku wangekuwa 530, walihama 200. Chipsi na juisi walihama 39, chipsi kavu 87. Jumla 624, na ofa zilizouzwa ni 620. Milo yote ingekuwa 1,484 na ilikuwa 1,480. Maana yake ofa haikuleta mtu mpya wa kuhesabika. Watu "waliojaa" walikuwa walewale, pamoja na lile ongezeko ambalo Kijitonyama nayo ililipata.

Zidisha kila kundi kwa namba za hatua ya tatu. Wa mlo kamili wamechukua 298,000. Wa chipsi kuku wamerudisha 80,000, wa chipsi na juisi 23,400, wa chipsi kavu 174,000. Hao wote wanakuachia upungufu wa 20,600, na ile milo minne iliyopungua, kila mmoja 3,300, inakamilisha 33,800. Hesabu ikifunga hivi ujue hujakosea kuzidisha wala kujumlisha. Isipofunga, rudia hesabu zako.

Kabla ya kubadilisha ofa, kaa karibu na kaunta

Jioni moja nilikaa pembeni ya kaunta nikitazama. Alikuja kijana na mwenzake, akaagiza: chipsi kuku mbili, na ukwaju mbili za baridi. Alikuwa ameshatoa noti mbili za elfu kumi. Dada wa kaunta akamwambia kwa upole, "Kaka, chukua kwa ofa, utalipa kumi na sita." Akamrudishia elfu nne badala ya elfu mbili. Yule kijana hakuwa ameiona ile karatasi wala hakuuliza.

Yule dada alifanya kwa wema, na mteja alifurahi. Lakini ndipo nilipoelewa kwa nini karibu wote wa mlo kamili walihama na wamebaki 20 tu. Kwenye hesabu ya ofa, mhudumu ana nguvu kuliko tangazo. Tulikubaliana naye jambo jepesi: aliyeagiza vyote vitatu anahudumiwa alivyoagiza, isipokuwa akiomba ofa mwenyewe, aliyeagiza chipsi kuku ndiye anayeulizwa kama angependa kuongeza juisi.

Hatua ya sita: ipange upya kwa wale unaowataka

Ofa hufanya kazi vizuri pale ambapo anayekipenda kitu kimoja hakipi uzito kitu cha pili, kwa hiyo wachache ndio wanaovinunua pamoja kwa bei kamili. Mchumi George Stigler aliliandika hili mwaka 1963 akieleza kwa nini wasambazaji wa filamu Marekani waliziuza kwa mafungu: mnunuzi mmoja aliithamini sana filamu hii, mwingine ile, na fungu likawapata wote wawili kwa bei moja. Chipsi na kuku Dar es Salaam ni kinyume chake. Watu wameshavioanisha wenyewe, hawahitaji kulipwa ili waviunganishe.

Tulirudi kwenye daftari tukaangalia saa. Wa mlo kamili walikuwa wengi kuanzia saa 1 jioni. Mchana, kati ya saa 6 na saa 9, wengi walikuwa wa chipsi kuku na chipsi kavu, watu wa ofisini na mafundi wanaokula haraka. Kwa hiyo ofa ikahamishiwa mchana peke yake, na bei ikapandishwa hadi 8,500. Mabadiliko hayo ya bei yanaonekana madogo, lakini yanageuza mizani: wa mlo kamili sasa anakugharimu 500 badala ya 1,000, wa chipsi kuku anakuongezea 900 badala ya 400, wa chipsi na juisi 1,100, wa chipsi kavu 2,500. Sasa wa chipsi kuku mmoja tu anamlipia mmoja wa mlo kamili, na chenji inabaki.

Wiki nne zilizofuata ziliuzwa ofa 240. Mdogo wangu alivunjika moyo kidogo alipoiona namba hiyo mbele ya 620. Tulipowagawa, tena kwa kulinganisha na Kijitonyama, 40 walitoka kwenye mlo kamili, 130 kwenye chipsi kuku, 20 kwenye chipsi na juisi, 50 kwenye chipsi kavu. Toa 20,000, ongeza 117,000, 22,000 na 125,000. Faida iliyoongezeka ni 244,000. Ukilinganisha na mayumbo ya elfu hamsini au sitini kwa wiki, hii haiwezi kupuuzwa, ingawa nilimwambia arudie wiki nne nyingine kabla ya kuiamini kabisa.

Mambo mawili bado tunayafuatilia. La kwanza ni juisi inayobaki usiku. Siku ambazo ilikuwa inamwagwa, glasi aliyoiuza mchana haikumgharimu 600 kamili, kwa hiyo ofa ina faida zaidi ya tulivyoandika. Siku ambazo inaisha mapema, mteja wa jioni wa 2,000 anaikosa kwa sababu ya mteja wa mchana aliyeipata kwa 1,500, na hapo hesabu inageuka. Tumeanza kuandika juisi iliyobaki kila tunapofunga. La pili ni bei ya kuku. Ikipanda kutoka 9,000 hadi 10,000, robo inaongezeka 250, na faida ya ofa inashuka kutoka 3,800 hadi 3,550. Wa chipsi kuku haathiri kitu, kwa sababu alikuwa anakula kuku yuleyule tangu mwanzo. Wa chipsi na juisi na wa chipsi kavu ndio wanaoanza kukuletea kidogo, wa kwanza kutoka 1,100 hadi 850, wa pili kutoka 2,500 hadi 2,250. Kwa hiyo kila bei ya sokoni inapobadilika, ninarudia hatua ya tatu peke yake, dakika kumi kwenye karatasi, na ile karatasi ya njano inabaki ukutani au inabanduliwa kulingana na jibu.